Kila mwezi tutalipa ngapi? Hesabu ya huduma yetu ya simu baada ya kuzinduliwa

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka

Komite ilituomba sisi tunaofuatilia huduma ya simu tuje tueleze jambo moja tu, ni ile swali iliyoulizwa mara tatu katika mkutano uliopita: mradi ukiisha kutengenezwa, kila mwezi tutalipa ngapi, na tukiongezeka tutalipa ngapi?

Mfadhili alilipa kutengeneza. Kutengeneza ni kama kujenga nyumba, inajengwa mara moja. Lakini sasa tunaingia ndani, na kila mwezi kuna wa kulipwa: mwenye seva, mwenye ramani, mwenye kupeleka mesaji. Hao watatu hawapandi kwa namna moja. Mmoja anapanda kwa ngazi, mwingine anakaa bure kwa muda mrefu halafu anaamka ghafla, na wa tatu anaanza kula tangu mtu wa kwanza. Ukiwachanganya pamoja ukasema "basi, wanachama wakiongezeka mara tano na gharama itaongezeka mara tano", utakuwa umekosea, na tutaonyesha umekosea kwa kiasi gani.

Kwanza tukumbushane huduma inafanya nini. Inaandika michango. Inapeleka mesaji za kukumbusha, za kuthibitisha kwamba pesa imefika, za mkutano na za msiba. Na kwenye simu za kugusa inaonyesha ramani ya matawi, mahali pa kukutania, visima na vituo vya afya. Nyumba za watu hatukuziweka kwenye ramani, na hatutaziweka. Sababu yake munaijua wote, hatuna haja ya kuieleza hapa.

Tunaanza na wanachama 400. Hesabu zote tutakazosema ni za hao 400, halafu tutazipeleka mpaka 2,000, kwa sababu komite inasema ndiko tunaelekea kama ndugu walio bado Nyarugusu na wale wa Burundi wataendelea kurudi.

Seva tutaipitia haraka, maana ndiyo watu wanaiogopa zaidi na ndiyo inatusumbua kidogo. Seva ni kompyuta ya kukodi inayokaa mbali, haizimwi, inashika daftari letu. Tulikodi ndogo, ya giga 2 za memori, dola 12 kwa mwezi. Tunaongeza asilimia 20 ili mwenye seva atutunzie nakala ya daftari kila wiki, hiyo ni dola 2.40. Jina letu la kwenye intaneti ni dola 15 kwa mwaka, ukigawa kwa miezi ni dola 1.25. Jumla dola 15.65. Iwe tuko 400, iwe tuko 900, ni hiyo hiyo. Siku moja itajaa, tutapanda ngazi moja tuchukue ya dola 24, na tutakaa hapo muda mrefu tena. Dalili ya kujaa ni rahisi kuona: mesaji ya msiba ikitoka, watu wengi wanafungua huduma katika dakika kumi zile zile, na kurasa zinaanza kukawia au zinakataa, halafu baada ya nusu saa inakuwa sawa. Kama inakawia saa zote, hata usiku, hiyo si seva ndogo, kuna kitu kimeharibika. Kuongeza pesa hapo haitasaidia.

Kitu kimoja tu kinaweza kuijaza seva kabla ya siku yake: picha. Wanachama wanapiga picha ya karatasi ya malipo na kuituma. Simu za leo zinapiga picha ya mega 3. Watu 2,000 wakituma picha moja moja kwa mwezi, hiyo ni giga 6. Nafasi tuliyo nayo ni kama giga 40, basi katika miezi saba hivi tumejaa. Tulimwomba fundi afanye picha ipunguzwe ndani ya simu yenyewe kabla ya kutumwa, iwe kilo 200. Namba za karatasi bado zinasomeka. Kwa watu hao hao 2,000 inakuwa giga 0.4 kwa mwezi, na nafasi ile ile inatutosha miaka nane. Na mwanachama naye hapotezi mega zake za kununua. Kazi ya nusu siku kwa fundi, basi.

Sasa mwenye ramani. Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu kosa la ramani halionekani wakati wa majaribio.

Tunatumia ramani ya Google. Zamani walikuwa wanatoa mkopo wa dola 200 kila mwezi kwa kila mteja. Tangu Machi 2025 wamebadilisha: sasa kila aina ya huduma ina kiasi chake cha bure. Kwa ramani ya kawaida inayosogezwa kwa kidole, mara 10,000 za kwanza kila mwezi ni bure, na kuanzia hapo ni dola 7 kwa kila mara 1,000. Wanachohesabu ni ramani kufunguka. Ukiisha kuifungua, ukaisogeza kutoka Mboko mpaka Fizi, ukaikuza, ukaipunguza, hawahesabu tena. Ukifunga na kufungua upya, wanahesabu nyingine.

Basi swali si "tuko wangapi". Swali ni "ramani inafunguka mara ngapi". Fundi wetu wa kwanza aliweka ramani kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa kuwa inapendeza. Wafadhili walipoiona walifurahi, na sisi tulifurahi pia, tukubali. Lakini maana yake ni kwamba mama akiingia tu kuangalia kama mchango wake umeandikwa, ramani imefunguka, imehesabiwa, na hata hakuiangalia. Tulipotazama daftari la seva tuliona mwenye simu ya kugusa anaingia kama mara 40 kwa mwezi.

Katika 400 wetu, wenye simu ya kugusa ni 150. Mara 40, hiyo ni 6,000. Bado bure, hakuna faktire, kila mtu anasema ramani haina gharama. Lakini ukifanya hesabu ya nyuma, 10,000 ukigawa kwa 40 unapata simu 250. Siku simu ya kugusa ya 251 inaingia, ramani inaanza kulipisha. Tukifika wanachama 2,000, na simu za kugusa zikiwa 750, ramani itafunguka mara 30,000 kwa mwezi. Ondoa 10,000 za bure, zinabaki 20,000, kwa dola 7 kila elfu: dola 140 kwa mwezi. Kwa ramani ambayo wengi hawakuomba kuiona.

Dawa ilikuwa ni kitufe. Ukurasa wa mwanzo sasa hauna ramani, kuna kitufe kimeandikwa "Onyesha ramani". Kwa wanaoihitaji kweli, tuliona ni kama mara 10 kwa mwezi kwa simu moja. Watu 750 mara 10 ni 7,500. Tumebaki ndani ya bure hata tukiwa 2,000.

Na kuna mlango mwingine wa kufunga. Ili kutumia ramani, chama kiliweka karta ya benki kwa Google, hata kama hatulipi kitu. Watu wengi wanaweka onyo la bajeti na kufikiri wamejilinda. Onyo linatuma barua tu kwamba pesa imefika kiasi fulani, halizuii kitu, ramani inaendelea kufunguka na kuhesabiwa. Kinachozuia ni kikomo cha siku, nacho kinawekwa mahali pengine. Sisi tumeweka 300 kwa siku. Hata siku zote 31 zikijaa, ni 9,300, hatufiki 10,000. Siku kikomo kikijaa ramani haionekani mpaka kesho yake, lakini michango na mesaji zinaendelea. Pia ufunguo wa ramani tumeufunga kwa jina la tovuti yetu pekee, kwa sababu ufunguo huo unaonekana kwa yeyote anayejua kuangalia ndani ya ukurasa, na mtu akiuchukua bila huo ufungaji atakuwa anafungua ramani zake kwa karta yetu.

Kuna walioshauri tutumie OpenStreetMap. Ni shauri zuri. Data yake ni bure na vijiji vyetu vingi vimechorwa humo na watu wa kujitolea. Lakini seva zake za kuonyesha picha za ramani zinaendeshwa kwa michango, na masharti yao hayaruhusu matumizi mazito. Kwa hiyo tukihamia huko, tutaweka ramani kwenye seva yetu wenyewe. Hilo tunaliacha kwa mwaka wa pili.

Sasa tuje kwa mesaji. Hapa ndipo pesa inakwenda.

Hatuwezi kuacha SMS. Watu 250 katika 400 wetu wako na simu ya vitufe, na hata wenye kugusa hawana mega kila siku. Bei tuliyopatana na mwenye kupeleka mesaji ni senti 4 za dola kwa kila kipande kwa namba za Kongo. Tunasema kipande, hatusemi mesaji, na tofauti yake tuliijua kwa maumivu.

Mwezi wa majaribio tulikuwa na watu 60. Kila mtu alipata mesaji 6: moja ya kukumbusha mchango, moja ya kuthibitisha, moja ya mkutano, na tatu za msiba. Hesabu yetu: 60 mara 6 ni 360, mara senti 4, dola 14.40. Faktire ikaja dola 33.60. Tulifikiri tumeibiwa. Mmoja wetu alikwisha kuandika barua ya kulalamika, bahati nzuri haikutumwa.

Tulikaa na ile faktire mstari kwa mstari. Kumbe SMS ya kawaida inabeba herufi 160, lakini kwa sharti kwamba herufi zote ziko kwenye orodha moja ya zamani ya simu. Herufi moja tu ikiwa nje ya orodha hiyo, mesaji yote inabadilishwa namna ya kuandikwa, na sasa inabeba herufi 70 tu. Ikizidi 70 inakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande kinalipwa kivyake.

Mesaji yetu ya kuthibitisha ilikuwa na neno la Kifaransa "reçu". Ile `ç` ndogo haiko kwenye orodha. Herufi `é`, `è` na `à` ziko, lakini `ç`, `ê` na `ô` haziko. Mesaji ilikuwa na herufi 140, ambayo ingekuwa kipande kimoja. Kwa sababu ya `ç` ikawa vipande vitatu. Neno moja lenye mkia mmoja, bei mara tatu.

Ile ya msiba ilikuwa ngumu zaidi kuiona. Ilikuwa inaanza na "Ndugu wa huku na ng’ambo". Sekretere aliiandika kwenye kompyuta kwa Word, na Word inageuza ile alama ya juu iliyonyooka `'` na kuifanya ya kupinda `’`. Ya kunyooka iko kwenye orodha, ya kupinda haiko. Kwa macho huwezi kujua, hasa kwenye simu ndogo. Mesaji ilikuwa na herufi 150, ikawa vipande vitatu pia, mara watu 60, mara misiba mitatu.

Sasa hesabu ikakubali. Za kuthibitisha: mesaji 60, vipande 180. Za msiba: mesaji 180, vipande 540. Zile nyingine 120 zilikuwa kipande kimoja kimoja. Jumla vipande 840, mara senti 4: dola 33.60. Mwenye kupeleka mesaji hakutuibia hata senti.

Tangu hapo tumeandika "risiti" mahali pa "reçu", na fundi ameweka kihesabio: sekretere akiandika mesaji, chini inaonyesha ni vipande vingapi kabla hajabonyeza kutuma. Ikionyesha zaidi ya kimoja, atafute herufi yenye kosa. Makatibu wa matawi, tunawaomba sana, kile kihesabio msikipite.

Kuna na namba zilizokufa. Katika zile 60, namba 7 hazikuwa hai: laini ilipotea, au mtu alikuwa anatumia laini ya Tanzania akaacha kuiwekea unite. Mwenye kupeleka analipisha akiisha kuipokea mesaji kutoka kwetu, ifike isifike. Basi namba ambayo mesaji tatu mfululizo hazikufika, huduma inaisimamisha yenyewe na kumjulisha sekretere wa tawi amtafute mtu huyo kwa miguu. Na kwa vile wengi wenu mnashika laini mbili, ya Kongo na ya Tanzania inayokamata rezo ya ng'ambo pale ufukweni, tunaomba kila mtu aseme ni ipi moja ya kuandikwa. Namba za +255 na +257 zina bei yake tofauti. Tukiandika zote mbili tunamlipia mtu mmoja mara mbili.

Nchi nyingine zote tumezifunga. Na mesaji za namba ya siri ya kuingilia zinakwenda tu kwa namba ambazo tayari ziko kwenye daftari. Kuna wezi wanaotafuta huduma kama hizi, wanaiomba itume namba za siri kwa maelfu ya simu za nchi za mbali, na wao wanapata sehemu yao katika bei ya mesaji. Mlango huo ukiuacha wazi usiku mmoja, asubuhi bajeti ya mwaka imekwisha.

Tuseme sasa vipande tumevirekebisha, kila mesaji ni senti 4. Kwa watu 400, mesaji 6 kila mmoja, ni 2,400. Dola 96. Hapo ndipo karatasi ya kwanza tuliyoipeleka kwa wafadhili iliposimama, na iliandika hivi: watu 2,000 ni mara tano, basi dola 480. Karatasi hiyo tuliikosea sisi wenyewe, na leo tunaisahihisha mbele yenu.

Tazameni. Mesaji ya kukumbusha, ya kuthibitisha na ya mkutano ni tatu kwa kila mtu, tuwe 400, tuwe 2,000. Lakini mesaji za msiba si tatu siku zote. Watu 400 walikuwa na misiba mitatu kwa mwezi. Watu 2,000 watakuwa na misiba kama kumi na tano, Mungu atulinde, lakini hesabu ndiyo hiyo. Na kila msiba unapelekwa kwa watu wote. Kwa hiyo wanaopokea wameongezeka mara tano, na misiba nayo imeongezeka mara tano. Mesaji za msiba zimeongezeka mara ishirini na tano.

Kwa namba: tukiwa 400, misiba 3 mara watu 400 ni mesaji 1,200. Tukiwa 2,000, misiba 15 mara watu 2,000 ni mesaji 30,000. Ongeza zile tatu za kila mtu, ambazo ni 6,000, unapata 36,000. Dola 1,440 kwa mwezi. Si 480. Wanachama wameongezeka mara tano, faktire imeongezeka mara kumi na tano.

Na haitakuja ghafla, itakuja taratibu, ndiyo ubaya wake. Tukifika 1,200 itakuwa dola 576, na watu watasema labda ni herufi mbaya tena, au bei imepanda. Ukitaka kujua kama ni hiyo, usitazame jumla ya faktire. Gawa mesaji zote za mwezi kwa idadi ya wanachama. Kama kila mwezi unapata 6, mko salama. Kama mwaka huu ni 6, mwaka kesho 9, mwaka unaofuata 12, ni jambo hili tunalolisema.

Shauri letu lilikuwa kugawa kwa matawi. Tawi moja ni kama watu 100. Msiba ukitokea Mboko, watu wote 100 wa tawi la Mboko wanapata mesaji, na viongozi wa matawi mengine wanapata moja moja, ili watangaze kwa mdomo kanisani, msikitini, kwenye kikao. Tukiwa 2,000 na matawi 20, msiba mmoja unahitaji mesaji 119. Misiba 15 ni 1,785. Ongeza 6,000 za kawaida, ni 7,785. Dola 311.40 mahali pa 1,440. Tukiwa 400 ni dola 60.36 mahali pa 96. Na pale kwenye kugawa, mesaji kwa kila mtu haipandi tena, inakaa karibu na nne daima.

Tulipoeleza hivyo kwenye komite, mzee mmoja alisimama. Alisema: "Kule kambini mutu akikufa, wote tulikuwa tunasikia kilio, hakuna aliyeuliza ni wa zoni gani. Sasa tumerudi kwetu, munataka mutu afe kwa kartiye moja?" Tulinyamaza, kwa sababu alichosema ni kweli. Chama hiki kilianza kwa kuzikana. Na kuna watu walitenganishwa, dada yuko tawi la Lweba na kaka yuko Uvira, au mtu alilelewa na jirani wa kambini ambaye sasa yuko tawi lingine. Huyo akisikia msiba Jumapili, mazishi yamekwisha siku ya Ijumaa. Senti 4 ulizookoa haziwezi kumrudishia siku hiyo.

Kwa hiyo shauri tulilibadilisha, si lile la mwanzo. Kila mwanachama atajaza karatasi ndogo: mbali na tawi lake, achague matawi mengine mawili ambayo anataka kusikia misiba yake. Hatuulizi kwa nini, hatuulizi ni ndugu wa damu au wa nini. Hesabu yake ni hii: kama kila mtu anasikia matawi matatu, kila msiba unawafikia watu kama 300, na kwa matawi 20 wale viongozi bado wanapata yao. Tuseme 319. Misiba 15 ni mesaji 4,785. Ongeza 6,000, ni 10,785. Dola 431.40. Ni dola 120 zaidi ya lile shauri kavu, kwa watu 2,000, maana yake ni senti 6 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Sisi tunaona hizo senti 6 ni halali. Kama kuna anayeona si halali, atasimama aseme.

Wenye simu za kugusa tutawaomba kitu kingine. WhatsApp kwa biashara inalipisha chama kinapoanza kumwandikia mtu kwa mesaji ya mfano, lakini mtu akituandikia kwanza, tunamjibu bure kwa saa 24 zinazofuata. Basi anayetaka kujua kama mchango wake umefika, atume neno "mchango", atajibiwa, na SMS yake ya kuthibitisha hatuitumi. Kama wale 150 wote watafanya hivyo tunaokoa dola 6 kwa mwezi. Si nyingi, lakini haina hasara. Msiba hatutaupeleka kwa WhatsApp peke yake. Mtu hana mega siku ile, hatajua.

Tuweke jumla. Watu 400 na karatasi ya matawi matatu. Kwa kuwa kwa sasa matawi ni manne tu, karibu kila mtu atasikia kila kitu, basi tuhesabu mesaji kamili, dola 96. Seva dola 15.65. Ramani sifuri. Mega za waandishi wawili wa daftari, dola 20. Jumla dola 131.65, senti 33 kwa kila mwanachama kwa mwezi. Watu 2,000: mesaji dola 431.40, seva kubwa na nakala na jina dola 30.05, ramani sifuri kama kitufe hakiguswi, mega za waandishi wanne dola 40. Jumla dola 501.45, senti 25 kwa mtu. Lakini tukiendelea kupeleka kila msiba kwa kila mtu, ni dola 1,510.05, karibu senti 76 kwa mtu.

Mfadhili ameahidi miezi 12 ya kwanza. Kwa 400 hiyo ni dola 1,579.80. Tumeomba iongezwe asilimia 15 ya akiba, kwa ajili ya mwezi wenye misiba mingi, maana msiba haufuati bajeti. Kuanzia mwezi wa 13 ni sisi wenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo mweka hazina alituomba tulikumbushe: faktire zote hizi ni za dola, michango yenu ni ya franka. Franka ikishuka, senti 33 zile zile zinataka franka nyingi zaidi. Anapendekeza sehemu ya simu katika mchango ipangwe kwa dola, na ibadilishwe kwa franka kila miezi mitatu kwa bei ya siku hiyo, mbele ya watu wawili.

Karatasi za kuchagua matawi ziko kwa masekretere, zile za njano. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, sekretere atamwandikia na kumsomea. Tawi la Mboko walishaanza, wamejaza 61, na kati yao 48 wameandika Nyarugusu kama tawi la pili. Huko hatuna tawi lililoandikishwa bado, na bei ya namba za +255 haiko ndani ya hesabu hii tuliyoisoma. Tutarudi nayo katika mkutano ujao.